Feni ya maji, feni ya kusimama au panga boi? Uchambuzi wa kisa cha chumba kimoja Dar es Salaam

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kisa hiki ni cha wateja wangu, na wameniruhusu kukiandika mradi nisitaje majina wala mtaa. Nimekichagua kwa sababu kila msimu wa joto ukianza naulizwa swali lilelile: kati ya feni ya maji, feni ya kusimama na panga boi, ninunue ipi? Katika nyumba hii zote tatu zilijaribiwa kwenye chumba kimoja, na vipimo tulichukua.

Hali ya nyumba

Ni nyumba ya kupanga, upande wa kusini wa jiji, ya bati, na dari yake ni ya jipsamu. Chumba chenyewe kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5, na kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2.7. Dirisha ni moja tu, la aluminiamu, lile la vioo vya kusukuma. Dirisha la namna hiyo hata ukilifungua lote unapata nusu tu ya uwazi, kwa sababu kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Juu yake kuna wavu wa mbu ambao ulikuwa umejaa vumbi.

Wanalala humo bibi mwenye umri wa miaka sabini na kitu pamoja na wajukuu wawili, kitanda kimoja kikubwa, ndani ya chandarua cha duara kilichoning'inizwa darini. Wazazi wa watoto wana chumba chao. Umeme ni wa LUKU, na nyumba ilikuwa inatumia kama uniti 60 kwa mwezi, yaani walikuwa kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo. Kumbuka hilo, maana litakuja kuleta gharama ambayo hawakuitarajia.

Ilikuwa Februari. Anayeijua Dar anajua Februari ikoje: upepo wa kaskazi, mchana bati linachoma, na usiku jasho haliishi.

Walivyoanza na feni ya maji

Baba wa familia ana ndugu yake Dodoma, na alipomtembelea mwezi wa Oktoba alikuta sebuleni feni ya maji, hii inayouzwa kama kipoza hewa. Ina tangi chini, pampu ndogo inayopandisha maji, pedi za nyuzinyuzi zinazolowa, na feni inayovuta hewa kupitia pedi hizo. Anasema alikaa mbele yake akahisi ubaridi wa kweli, karibu kama wa kiyoyozi. Aliporudi Dar akaitafuta ya aina ileile, akailipia Sh 280,000.

Usiku wa kwanza walifanya kama wanavyofanya wenye kiyoyozi: wakafunga dirisha na mlango ili ubaridi usitoke. Saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Kufikia saa sita usiku bibi alikuwa amekaa kitandani akijipepea kwa kanga, shuka limelowa, na mtoto mdogo analia. Kesho yake wakaweka barafu ndani ya tangi. Ikawa vilevile, tofauti ni kwamba nafuu ilidumu kidogo zaidi mwanzoni.

Waliendelea hivyo karibu wiki tatu, kwa imani kwamba mashine ilikuwa mbovu au pedi zilihitaji kuzoea maji. Kwenye kona nyuma ya kabati ukaota ukungu mweusi. Nguo zikaanza kunuka uvundo. Ndipo wakaniita niikague mashine.

Tulichokipima

Nilifika jioni. Baada ya shikamoo, bibi aliniambia neno moja ambalo lilikuwa uchunguzi kamili: "Mwanangu, hii feni inanilowesha, hainipoozi."

Nina kipimo kidogo cha joto na unyevu. Saa mbili usiku chumbani kilisoma nyuzi 32 za selsiasi, unyevu asilimia 70. Nikatoka nacho uani nikakiacha robo saa: nyuzi 28.5, unyevu asilimia 85. Kwa hiyo nje kulikuwa na ubaridi kuliko ndani kwa nyuzi tatu na nusu, ilhali dirisha lilikuwa limefungwa. Joto la chumba lilikuwa linatoka juu, kwenye bati na jipsamu iliyolishwa jua mchana kutwa. Ukiinua kiganja karibu na dari ulihisi joto lake mkononi.

Tukawasha feni ya maji kama walivyozoea, kila kitu kimefungwa. Baada ya saa mbili: joto nyuzi 30.6, unyevu asilimia 89. Joto lilishuka karibu nyuzi moja na nusu kweli, lakini unyevu ulipanda mno. Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Pampu ilifanya kazi, pedi zililowa sawasawa, na maji tangini yalipungua kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba maji hayo yalikuwa yamehamia kwenye hewa ya chumba.

Kwa nini Dodoma ilifanya kazi na Dar ikashindwa

Feni ya maji inapooza kwa njia moja tu: maji yakikauka kwenye pedi yanachukua joto la hewa. Lita moja ya maji ikikauka inabeba joto sawa na kuyeyusha kama kilo saba za barafu. Ndiyo maana barafu yao haikuwa na maana kubwa. Vipande vichache vya barafu ni kidogo sana mbele ya kazi ya ukaukaji wenyewe. Tena barafu hiyo ilitengenezwa na friji ya nyumbani humohumo, ambayo inatoa joto lake jikoni na kula umeme.

Lakini maji hayakauki kwenye hewa iliyokwisha kushiba. Kila hewa ina kiwango cha chini kabisa ambacho ukaukaji unaweza kuishusha, na unaweza kukipima mwenyewe: funga kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee hadi kisomo kiache kushuka. Kisomo hicho ndicho mpaka. Mashine za majumbani hazifiki kwenye mpaka huo; nzuri hufika kama theluthi mbili ya njia.

Chukua mchana wa Oktoba Dodoma: nyuzi 31, unyevu asilimia 35. Mpaka wa kitambaa kilicholowa ni kama nyuzi 20. Nafasi ya kushuka ni nyuzi 11, na theluthi mbili zake ni zaidi ya 7. Hewa inatoka kwenye mashine ikiwa na nyuzi 23 hadi 24. Yule baba hakudanganywa na hisia zake, ubaridi ulikuwepo.

Sasa chukua chumba cha bibi: nyuzi 32, unyevu asilimia 70. Mpaka ni kama nyuzi 27.5. Nafasi ya kushuka ni nyuzi nne na nusu tu, na mashine inakupa tatu. Hewa inatoka ikiwa na nyuzi 29. Tena hapo ni dakika za mwanzo, kabla unyevu haujapanda.

Kufunga dirisha ndiko kulikoharibu kabisa. Chumba kile kina hewa ya karibu mita za ujazo 38. Kwa joto lile na unyevu ule, hewa yote ya chumba inahitaji chini ya nusu lita ya maji kushiba kabisa. Tangi la mashine ile linachukua lita sita. Hewa isipobadilishwa, ndani ya muda mfupi pedi zinabaki zimelowa tu bila kukauka, na feni inazungusha hewa yenye unyevu mwingi. Kinachobaki kumpoza mtu ni jasho lake, nalo halikauki tena. Mtu analowa, moyo unafanya kazi ya ziada, na usingizi hauji. Kwa mzee hilo si usumbufu tu, ni hatari.

Kiyoyozi hufungiwa dirisha kwa sababu chenyewe kinaondoa maji kwenye hewa na kuyamwaga nje kwa kibomba. Feni ya maji inafanya kinyume, kwa hiyo inahitaji hewa kavu iingie na hewa iliyolowa itoke. Hata Dodoma, ukiifungia chumbani, itakushinda.

Tulivyoamua

Kwanza tuliijaribu feni ya maji kwa usahihi: dirisha wazi, mlango wazi, mashine imepewa mgongo dirishani ili ivute hewa ya nje. Hewa iliyotoka ilikuwa na nyuzi 27 na kitu. Ni ubaridi, lakini hewa ya uani yenyewe ilikuwa 28.5. Tulikuwa tunalowesha chumba ili tupate nyuzi moja na nusu. Baba akasema basi tuitumie bila maji. Nayo ni feni dhaifu. Mlango wake wa hewa ni mdogo na upepo hauvuki kitanda.

Hapa niseme jambo kuhusu lebo, kwa sababu ndilo lililomshawishi dukani. Boksi la feni ya maji liliandikwa 1,200, na lebo ya panga boi aliyoiona pembeni ya boksi hilo iliandikwa 210. Akaona ya kwanza ina nguvu mara sita. Lakini ile 1,200 ilikuwa mita za ujazo kwa saa, na 210 ilikuwa kwa dakika. Ukigawa 1,200 kwa 60 unapata 20. Panga boi ndilo linalosukuma hewa mara kumi zaidi. Feni ya kusimama ya inchi 16 inakaa katikati, kama 60 kwa dakika.

Jioni iliyofuata nikawaambia waazime feni ya kusimama ya sebuleni. Tukafungua dirisha, nikavua wavu nikauosha kwa sabuni na brashi (maji yalitoka meusi kama ya mkaa), nikaiweka feni hatua moja ndani ya dirisha ikielekea chumbani, mlango wazi ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Kwa saa moja chumba kilishuka kutoka 32 hadi 30, na unyevu haukupanda kwa sababu ya mashine. Ulibadilika tu kwa kuwa hewa ya nje ilikuwa inaingia.

Lakini kitandani hali haikuwa nzuri sana. Nilikata ukanda wa karatasi ya tishu nikauning'iniza ndani ya chandarua, upande wa ukutani anapolala mjukuu mkubwa. Nje ya chandarua ukanda ulikuwa unapeperuka. Ndani, upande ule wa mbali, ulitikisika kidogo ukatulia. Chandarua cha duara kinakusanya mikunjo juu na pembeni, na upepo unaotoka upande mmoja unaishia kwenye mikunjo hiyo. Bibi aliyelala upande wa feni alikuwa anapata upepo, mtoto wa upande wa pili hapati.

Hapo ndipo panga boi lilipopata hoja. Upepo wake unashuka juu ya kitanda kizima. Kulikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni dari: jipsamu haibebi feni. Feni ya inchi 56 ina uzito wa kilo kadhaa na inatikisika usiku kucha. Ukiifunga kwenye jipsamu au kwenye vibao vyake vyembamba, siku moja itashuka. Ilibidi nipande juu ya dari, niweke ubao wa inchi mbili kwa nne kutoka kenchi hadi kenchi, niufunge kwa boliti, kisha ndoano ipite kwenye ubao huo na kufungwa nati mbili, ya pili ya kuizuia ya kwanza isilegee. Mwenye nyumba aliombwa ruhusa kabla, akakubali kwa masharti kwamba ubao ubaki wakihama. Fimbo ya feni niliikata ili mapanga yawe sentimita 30 chini ya dari, mita 2.4 kutoka sakafuni. Yakikaribia dari zaidi ya hapo hayapati hewa ya kuvuta. Yakishuka zaidi, mtu mrefu anayevaa shati mkono unayafikia.

Kikwazo cha pili kilikuwa chandarua, ambacho kilikuwa kimening'inizwa palepale pa kufunga feni. Kiliondolewa, kikaja cha pembe nne kilichofungwa kwenye fito za kitanda, paa lake limenyooshwa bila mikunjo. Nikarudia kipimo cha tishu: ukanda ulicheza pande zote mbili za kitanda.

Tatizo ambalo panga boi lilileta

Usiku wa kwanza waliliwasha saa moja jioni, na bibi akalalamika kwamba linamwaga moto. Alikuwa sahihi. Hewa iliyo chini ya dari ya nyumba ya bati jioni ni ya moto kuliko hewa ya kitandani, na panga boi linaichukua hiyo na kuishusha. Feni haipoozi chumba. Inapooza mwili kwa kukausha jasho na kuondoa hewa ya joto iliyoganda kwenye ngozi. Hewa yenyewe inabaki na joto lake, tena mota inaongeza kidogo.

Kwa hiyo tukapanga utaratibu. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, feni ya kusimama inakaa dirishani na kuingiza hewa ya nje, panga boi limezimwa. Baada ya saa nne, dari ikishapoa, ya kusimama inazimwa na panga boi linawashwa kwa kasi ya katikati hadi alfajiri. Dirisha linabaki wazi muda wote.

Umeme

Nilipima kila moja kwa kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Panga boi nililipima kwa waya wa muda kabla ya kulifunga. Feni ya maji ilikula wati 85, ya kusimama wati 52 kwa kasi kubwa, na panga boi wati 72 kwa kasi kubwa, 42 kwa kasi ya katikati. Hii ya katikati inategemea regyuleta. Nilifunga ya elektroniki. Zile kubwa za zamani zinazopata moto zinapunguza kasi, lakini sehemu ya umeme zinaibadilisha kuwa joto ndani ya boksi lao.

Feni ya maji kwa saa 10 kila usiku ni uniti 25 na nusu kwa mwezi. Ukijumlisha na 60 walizozoea, wanafika 85. Kwenye D1 uniti hadi 75 ni Sh 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi ni Sh 350. Ndiyo maana mama wa nyumba alikuwa analalamika kwamba LUKU "inakimbia" bila kujua sababu. Utaratibu mpya, saa tatu za feni ya kusimama na saa saba za panga boi, ni uniti 13 na nusu, na jumla ikabaki chini ya 75. Ni karibu mno na mpaka, na niliwaambia hivyo: pasi ya ziada au friji yenye mpira wa mlango uliolegea itawavusha.

Matokeo

Saa nne usiku chumba sasa husoma kati ya nyuzi 29 na 30, unyevu karibu asilimia 80. Kwa namba peke yake si tofauti kubwa na usiku wa feni ya maji. Kwa mwili ni tofauti kubwa, kwa sababu hewa inatembea na jasho linakauka. Bibi analala hadi adhana ya alfajiri. Watoto hawana vipele vya joto tena shingoni. Kona ya kabati tuliifuta kwa maji ya jiki, kabati likasogezwa mbali na ukuta, na ukungu haujarudi.

Gharama ya panga boi, ubao, waya, regyuleta na ufundi haikufika nusu ya bei ya feni ya maji.

Yaliyofaa na yaliyoshindikana

Kilichosaidia kuliko chochote kilikuwa kupima nje na ndani kabla ya kugusa mashine yoyote. Tungekuta nje kuna joto kuliko ndani, kama inavyokuwa saa nane mchana, kufungua dirisha na kuweka feni pale kungeongeza joto. Osha wavu wa dirisha pia. Ukijaa vumbi unazuia hewa kuliko watu wanavyodhani, na kuuosha hakugharimu kitu.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni mchana. Saa nane chumba kile kinafika nyuzi 35, na hapo hewa inalingana na ngozi. Upepo wa hewa yenye joto hilo unasaidia tu mtu anayetoka jasho vizuri na anayekunywa maji. Wazee wengi jasho lao ni haba. Bibi tumemshauri mchana akae barazani upande wa kivuli, na akilazimika kuwa ndani, ajifunike kanga iliyolowa akiwa mbele ya feni, ili maji ya kanga yafanye kazi ya jasho. Hatua inayofuata ni ya mwenye nyumba: matundu ya hewa kwenye ncha za paa na kupaka bati rangi nyeupe. Hajakubali bado.

Kwa anayetaka kununua feni ya maji, afanye kipimo cha kitambaa saa ile ambayo joto humsumbua. Soma kipimajoto kikavu, kisha kilicholowa. Tofauti ikiwa nyuzi 9 au 10 na kuendelea, kama Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, na una dirisha la kuachwa wazi, inunue. Ikiwa nyuzi 4 au 5, kama pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani kwa miezi mingi ya mwaka, peleka fedha kwenye panga boi na fundi wa kukufungia ubao. Hata huko bara, kipimo kirudiwe masika, maana hewa ya Machi si hewa ya Oktoba.